GAWIO LA MWAKA AU FAIDA YOTE: TUHESABU IPI?



Tangu vyama vyetu vya akiba na mikopo vilipotangaza magawio ya mwaka, pameingia ubishi kati ya wafanya kazi wa viwanda vya Athi River wanaolala Kitengela. Upande mmoja wasema: nunua hisa za kampuni itoayo gawio kubwa, kwa sababu fedha iliyo mkononi haina mjadala. Upande wa pili wasema: gawio si kitu, nunua kampuni inayokua, bei itapanda, nawe utauza kwa faida. Ubishi huu si wa bure. Mtu mwenye miaka 28 leo ana miaka zaidi ya 30 ya kuweka akiba kabla ya kustaafu, na akikosa hesabu mwanzoni, kosa hilo litazaa kila mwaka kama vile akiba inavyozaa.

Maoni yangu nitayasema mapema ili msomaji asinitafute njiani. Kwa mtu ajengaye mali kwa miaka mingi, hesabu ya haki ni moja tu: gawio pamoja na mabadiliko ya bei, vikijumlishwa, baada ya kodi na gharama. Hiyo ndiyo ninayoiita faida yote. Anayetazama gawio peke yake anatazama nusu ya mizani. Lakini anayetazama bei peke yake naye anatazama nusu nyingine, na hapa kwetu Kenya nusu hiyo imewaumiza wengi.

HESABU HII TUNAIJUA TAYARI

Watu wa Kajiado hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapata ardhi yake. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi ya kusini mwa Mbuga ya Nairobi ili wasizungushe ua wala kuuza, wanyama wa mwitu wapate kupita. Malipo yalikuwa dola 4 za Kimarekani kwa ekari moja kwa mwaka, kiasi cha shilingi 300 za wakati ule.

Mtu aliyepima ardhi yake kwa malipo hayo peke yake angesema kwamba ekari ya Kitengela ni mali duni, kwa maana yazaa shilingi 300 tu. Lakini wote twajua bei ya ekari hapa ilikwenda wapi baada ya hapo. Aliyeshika ardhi alipata vitu viwili, malipo ya mwaka na kupanda kwa thamani, na hicho cha pili kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko cha kwanza. Kinyume chake, mwenye vyumba vya kupangisha hupata kodi kila mwezi, lakini asipotoa fedha ya ukarabati, paa linaoza na nyumba yashuka thamani. Hakuna mtu mwenye akili atakayelinganisha ploti na vyumba kwa kutazama kodi ya mwezi peke yake. Basi kwa nini tulinganishe hisa kwa gawio peke yake?

GAWIO LATOKA WAPI

Wengi hudhani gawio ni zawadi inayoongezwa juu ya thamani ya hisa. Sivyo. Gawio latoka ndani ya kampuni yenyewe. Fedha ikiisha kulipwa, haimo tena katika kampuni.

Mfugaji akipeleka mnadani ng'ombe mwenye ndama, mnunuzi hulipa bei ya wawili. Akimwondoa ndama nyumbani kwanza, mnunuzi hulipa bei ya ng'ombe tu. Hakuna aliyetajirika kwa kumtenga ndama na mama yake. Hali ni hiyo hiyo katika Soko la Hisa la Nairobi. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wenye hisa. Anayenunua kwa kuchelewa hapati gawio hilo, na kwa sababu hiyo hakubali kulipa bei ile ya jana. Hisa ya shilingi 100 yenye gawio la shilingi 6 yafaa kuwa kama shilingi 94 baada ya siku hiyo. Bei ya soko hutikiswa na mambo mengine pia, kwa hiyo haishuki sawasawa kwa shilingi 6 kila mara, lakini mkondo ni huo. Kwa hiyo wale wanaokimbilia kununua hisa juma moja kabla ya daftari kufungwa, ili wachote gawio kisha wauze, mara nyingi huishia kulipa gharama za dalali na kodi ya gawio, basi.

MFANO WA KWANZA: GAWIO NONO

Tuchukue kampuni ya sigara ya BAT Kenya, ambayo kwa miaka mingi imesifiwa kwa magawio yake. Mwisho wa mwaka 2016 hisa yake moja ilikuwa karibu shilingi 900. Tuseme mfanya kazi alinunua hisa 100, akatoa shilingi 90,000.

Kampuni haikumwangusha kwa gawio. Kwa mwaka 2017 ilitoa shilingi 26 kwa hisa, kwa 2018 shilingi 35, kwa 2019 shilingi 33 na senti 50, kwa 2020 shilingi 45, kwa 2021 shilingi 53 na senti 50, kwa 2022 shilingi 57, na kwa 2023 shilingi 50. Tukiongeza malipo ya mwisho ya mwaka 2016 yaliyofika mkononi mwaka 2017, na malipo ya katikati ya mwaka 2024, hisa zake 100 zilimletea karibu shilingi 34,500. Serikali hukata shilingi 5 kwa kila mia ya gawio la mkaazi wa Kenya. Alibaki na shilingi 32,700 hivi.

Sasa tutazame bei. Mwisho wa mwaka 2024 hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 400. Hisa zake 100 hazikufika shilingi 40,000. Ukijumlisha gawio lote na bei hiyo, hayafiki shilingi 73,000. Alitoa 90,000. Kwa miaka minane alipokea gawio bila kukosa, akafurahi kila mwaka, na huku mali yake ilikuwa ikipungua kwa zaidi ya shilingi 17,000. Nayo shilingi ya 2024 hainunui unga ule ule wa 2016.

Kuna mtego mwingine hapa ambao ni lazima tuutambue. Magazeti huchapa orodha ya hisa zenye gawio kubwa kwa kulinganisha gawio na bei ya leo. Shilingi 50 kwa bei ya 900 ni kiasi cha shilingi 5 na nusu kwa mia. Shilingi 50 hizo hizo kwa bei ya 400 ni shilingi 12 na nusu kwa mia. Gawio halikuongezeka hata senti moja. Bei ndiyo iliyoanguka. Ukiona kampuni imepanda juu ya orodha ile, uliza kwanza: je, gawio limekua, au bei imeporomoka? Kisha tazama kama gawio linazidi faida ya mwaka. Kampuni igawayo karibu yote iliyopata haina cha kukulia, na ikigawa zaidi ya ilichopata, inakula mtaji.

MFANO WA PILI: GAWIO DOGO

Sasa mfano wa upande wa pili. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Gawio lake la kwanza lilikuwa senti 10 kwa hisa, yaani shilingi 2 kwa mia. Mfuasi wa gawio angepita akaenda zake. Zaidi ya hayo, mwaka 2009 bei ilianguka chini ya shilingi 3, na wengi waliokuwa wamekopa ili kununua waliuza kwa hasara.

Aliyeshika hisa 1,000 za shilingi 5,000 mpaka mwisho wa 2024 aliona gawio likipanda polepole, senti 20, senti 31, senti 64, shilingi 1 na senti 10, na kwa mwaka ulioishia Machi 2024 lilikuwa shilingi 1 na senti 20. Gawio hilo la mwisho ni shilingi 1,200 kwa mtaji wake wa kwanza wa shilingi 5,000, yaani shilingi 24 kwa mia kwa mwaka huo. Magawio yote ya miaka hiyo, pamoja na yale mawili ya ziada, yalifika kiasi cha shilingi 14,000 kabla ya kodi, na hisa zenyewe zilikuwa na thamani ya shilingi 17,000 hivi. Jumla ni karibu shilingi 31,000. Gawio dogo lililokuwa likikua lilimzidi mbali gawio nono.

Lakini tusidanganyane. Mimi nachagua mifano hii nikiwa tayari najua mwisho wake, na mwaka 2008 hakuna aliyeujua. Tena, mtu aliyenunua Safaricom hiyo hiyo katikati ya 2021, ilipopita shilingi 40, mwisho wa 2024 alikuwa na hisa ya shilingi 17. Kampuni nzuri iliyonunuliwa kwa bei ya wazimu ni mali mbaya.

WAFUASI WA GAWIO WANA HOJA

Yatupasa kuwapa haki yao ndugu wa upande wa gawio, kwa sababu wana hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni kwamba gawio haliwezi kuandikwa kwa wino tu. Wafanya kazi wa hapa wanaikumbuka hesabu ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Kwa mwaka ulioishia Juni 2018 vitabu vyake vilionyesha faida kubwa, iliyotokana hasa na ardhi yake kupandishwa thamani. Mwaka uliofuata, 2019, wafanya kazi wake walipewa notisi kwamba nafasi zao zote zinafutwa. Ardhi iliyopandishwa thamani katika kitabu hailipi mshahara wala hailipi gawio. Gawio ni fedha inayotoka benki. Kampuni isiyo nayo haiwezi kuitoa kwa muda mrefu. Kwa hiyo gawio ni ushahidi, hata kama si lengo.

Ya pili ni historia ya soko letu. Kipimo cha hisa 20 cha Soko la Nairobi kilikuwa zaidi ya 5,000 mwisho wa mwaka 2007. Mwisho wa 2024 kilikuwa karibu 2,000. Kipimo hiki huhesabu bei tu, hakihesabu gawio. Maana yake ni kwamba aliyetegemea bei za kampuni zile kwa jumla alikaa miaka 17 akitazama zikishuka, na gawio ndilo lililomwokoa au kumpunguzia hasara. Anayekuambia katika nchi hii kwamba gawio si kitu, amesoma vitabu vya nchi ambazo soko lake limepanda kwa miaka mia.

Na kampuni inayokua haraka yaweza kufa na fedha yako yote. ARM, iliyokuwa na kiwanda chake cha saruji hapa Athi River, ilisifiwa kwa kukua haraka. Ilikopa ili ikue, na Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Ukuaji wa mkopo si sawa na ukuaji wa faida.

Hoja hizi hazivunji hesabu ya faida yote. Zinaikamilisha. Zinatuambia kwamba gawio ni sehemu kubwa ya faida yote hapa kwetu, na kwamba swali la maana zaidi kuliko yote ni hili: gawio likifika, unalifanyia nini?

GAWIO LINALOLIWA NA GAWIO LINALORUDI KAZINI

Hapa ndipo wafanya kazi wengi tunapopoteza. Gawio laja kwa simu, shilingi 900 au 3,000, na kabla ya jioni limekwisha kwa nyama na nauli. Aliyenunua hisa kwa ajili ya gawio kisha akalila gawio, hajengi mali; ana mshahara mdogo wa pili tu.

Tazameni chama cha akiba na mikopo. Hisa ya chama hicho haina bei inayopanda sokoni. Uliinunua kwa shilingi 100, utaihamishia mwanachama mwingine kwa bei hiyo hiyo. Kwa hiyo faida yake yote ni gawio, na njia pekee ya kukua ni kulirudisha. Tuseme mtu ana shilingi 100,000 za hisa, na chama kinatoa shilingi 10 kwa mia. Baada ya kodi ya gawio hubaki shilingi 9 na nusu. Akilila gawio kila mwaka kwa miaka 25, atakuwa amekula shilingi 237,500, na hisa zake bado ni 100,000, ambazo wakati huo hazitanunua hata robo ya kile zinachonunua leo ikiwa bei za vitu zitaendelea kupanda kama tulivyozoea. Jirani yake, mwenye hisa sawa, akiliagiza gawio ligeuzwe hisa kila mwaka, baada ya miaka 25 atakuwa na karibu shilingi 967,000. Chama ni kile kile, na kiwango ni kile kile. Tofauti ni fomu moja iliyojazwa ofisini. Viwango hubadilika mwaka kwa mwaka, hakuna chama kinachoweza kuahidi 10 kwa miaka 25, lakini uwiano kati ya majirani hawa wawili utabaki kuwa wa aina hiyo.

Katika hisa za sokoni hakuna fomu kama hiyo kwa kampuni nyingi. Lazima ununue mwenyewe. Zamani ilikubidi kununua kwa mafungu ya hisa 100. Tangu Agosti 2025 waweza kununua hata hisa moja. Lakini gharama za dalali na soko ni karibu shilingi 2 kwa kila mia, kununua mara moja na kuuza mara nyingine. Kwa hiyo usinunue kila senti inapoingia na usiuze kila bei inapocheza. Kusanya magawio ya kampuni zote kwa miezi sita, kisha nunua mara moja, na nunua kampuni uionayo bora wakati huo, si lazima ile iliyotoa gawio.

Kodi nayo yaegemea upande mmoja. Gawio hukatwa 5 kwa mia kila lifikapo. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haikatwi kodi ya ongezeko la mtaji, ingawa ploti ikiuzwa faida yake hukatwa 15 kwa mia tangu mwaka 2023. Kwa hiyo kampuni nzuri inayobakiza faida yake na kuizalisha vizuri inakupunguzia kodi. Neno ni "vizuri". Ikiibakiza na kuitapanya, afadhali wangekugawia.

NANI AFUATE NJIA IPI

Kijana na mtu wa makamo mwenye mshahara hana haja ya gawio la kuishi. Aihesabu faida yote, arudishe kila gawio, na asiweke akiba yote katika kampuni moja, hata ile inayomlipa mshahara. Kampuni ikianguka, hupoteza kazi na akiba siku moja.

Anayekaribia kustaafu, miaka mitano hivi kabla, aanze kugeuza mali yake polepole ielekee kwenye gawio na dhamana za Serikali, kwa sababu hatakuwa na mshahara wa kungojea bei irudi juu. Hata yeye asiogope kuuza hisa chache kila mwaka ili apate matumizi. Kuuza hisa 6 kati ya 100 na kupokea gawio la 6 kwa mia, kwa hesabu, ni mambo yanayokaribiana. Kinachomtetea mfuasi wa gawio hapa ni kwamba halazimiki kuuza mwaka ambao bei ni mbovu, na soko letu ni dogo: kwa baadhi ya kampuni waweza kukaa majuma usimpate mnunuzi.

Mtu akija katika mkutano wa tawi na kuisifu hisa fulani, asiondoke kabla ya kujibu maswali matatu. Bei yake miaka 10 iliyopita ilikuwa ngapi, na leo ni ngapi? Magawio yote ya miaka hiyo yakijumlishwa ni kiasi gani baada ya kodi? Na je, gawio la mwaka jana lilitoka katika faida ya mwaka huo au katika akiba na mikopo? Bei za miaka iliyopita dalali yeyote anazo, na hesabu za kampuni zilizoorodheshwa huchapishwa kila mwaka kwa kila mtu kusoma. Asiyeweza kujibu hajui anachouza, na sisi tusinunue.

Wenu katika umoja,
MWANACHAMA, KITENGELA